Shajara ya mradi: mwongozo wa kusahihisha mradi wa mwisho wa wanachuo wetu, Tabora

Jumatatu, baada ya kikao cha idara

Kwenye kumbukumbu za kikao, kazi niliyopewa imechukua mstari mmoja tu: kuandaa andiko la msingi na mwongozo wa usahihishaji wa mradi wa mwisho. Wanachuo wa mwaka wa mwisho wanakwenda mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za manispaa na vijiji vya jirani, na wakirudi kila mmoja analeta mradi. Mradi huo ndio unaotakiwa kutuambia kama huyu mtu anaweza kukabidhiwa darasa.

Nimeanza kwa kusoma mwongozo unaotumika sasa. Jumla ni alama 100: utangulizi 10, mapitio ya maandiko 15, njia zilizotumika 15, matokeo 20, hitimisho 10, zana 15, unadhifu na mpangilio 15. Nimeupitia nikiwa na kalamu nyekundu, nikitafuta mstari wowote unaomtaja mwanafunzi wa shule ya msingi. Hakuna. Mtu anaweza kupata 80 bila sisi kujua kama kuna mtoto hata mmoja aliyeelewa chochote. Tunachokipima kwa mwongozo huu ni uwezo wa kuandika ripoti, na kwa kiasi fulani uwezo wa kulipia steshenari ya mjini.

Mkuu wa Taaluma amenipa sharti moja tu: "Mwalimu, usituletee kitabu. Wasahihishaji wana mizigo ya kutosha. Kurasa mbili, tatu basi."

Jumatano

Kabla ya alama yoyote, andiko la msingi. Wengi huliandika mwisho, kama pambo, na ndiyo maana huishia kwenye sentensi za "mradi huu ni muhimu sana kwa taifa". Mimi nataka lijibu maswali matatu: alama ya mradi huu inadai nini juu ya mwanachuo, ushahidi wa dai hilo ni upi, na dai hilo linaishia wapi.

Swali la kwanza linajibika ukiuliza tayari tunapima nini kwa njia nyingine. Mtihani wa mwisho unatuonesha kama anajua, na kama anajua namna ya kufanya: anaweza kutaja hatua za somo, anaweza kueleza matumizi ya zana. Kipindi tunachokwenda kumwangalia kinatuonesha kama anaweza kufanya mbele ya macho yetu. Daktari mmoja Mmarekani, George Miller, alizipanga ngazi hizi mwaka 1990 kwa ajili ya kuwapima madaktari: kujua, kujua namna, kuonesha, kisha juu kabisa kutenda kazini siku ya kawaida. Kwa walimu ngazi ni zilezile. Tuna vyombo vya ngazi tatu za chini. Ya nne hatuna.

Mradi unaweza kuikaribia. Unaikaribia tu, kwa sababu mwanachuo anajua kwamba kazi yake itasahihishwa. Ila kuna kitu ambacho kipindi kimoja cha dakika 40 hakiwezi kukionesha na mradi unaweza: mwalimu anafanya nini kesho yake, baada ya kuona walichoandika wanafunzi leo. Somo zuri moja mtu analiandaa wiki nzima, analifanyia mazoezi bwenini, anawakalisha mbele watoto wanaojibu. Uamuzi wa kati ya somo na somo hauandaliwi bwenini.

Hapo ndipo nimeuweka uzito wa mradi. Aya ya kwanza ya andiko sasa inasomeka hivi:

"Alama ya mradi huu inadai kwamba mwanachuo anaweza kutambua kosa la kujifunza kutoka kwenye kazi za wanafunzi wake, kufundisha kwa kulilenga kosa hilo, na kubadili mafundisho yake kutokana na alichokiona. Haidai kwamba anaweza kufundisha masomo yote, wala madarasa yote, wala kwamba anaweza kazi za uongozi wa shule. Ushahidi wake unatoka katika mada moja, darasa moja na vipindi sita."

Mwenzangu wa Kiswahili ameisoma akasema sentensi ya pili inajidhoofisha. Nimeiacha. Bila mpaka huo, mwakani mtu ataongeza kigezo cha usafi wa mazingira, mwingine cha ushiriki katika michezo, na tutarudi palepale.

Ijumaa

Umbo la mradi limekubalika. Mwanachuo anachagua mada iliyomo katika azimio la kazi la shule aliyopangiwa. Anatoa zoezi fupi la uchunguzi, anasoma majibu, anaandika kosa analolitilia shaka. Anapanga vipindi sita. Baada ya cha pili na cha nne anasimama na kuamua: naendelea, narudi, au nabadili, na kwa nini. Anafunga kwa zoezi la mwisho. Vyote vinaingia kwenye mkoba wa kazi: maandalio ya somo, nakala au picha za madaftari, na kurasa mbili za uamuzi. Kauntabuku la mkono linatosha. Kuchapa na kubana jalada hakuna alama, na nimeandika hivyo waziwazi, kwa sababu mwanachuo akisikia neno mradi tu tayari ameshakimbilia kwenye kompyuta ya mtu na kuanza kukopa hela.

Tumebishana zaidi juu ya jambo moja: je, tutoe alama kwa kiwango ambacho wanafunzi wamepanda? Hoja ya wanaotaka inaeleweka. Kama watoto walipata 3 kati ya 10 na sasa wanapata 8, si ndiyo kazi ya mwalimu? Mimi nimepinga, kwa sababu mbili. Ya kwanza, madarasa hayalingani. Kuna mwanachuo atakayepata wanafunzi 45 wenye madawati, na kuna atakayepata 120 ambao nusu yao wamekaa chini, na msimu wa kazi za tumbaku mahudhurio ya shule za pembezoni yanashuka kiasi kwamba waliofanya zoezi la kwanza si waliofanya la mwisho. Ya pili ni mbaya zaidi: ukilipa kupanda, utaletewa kupanda. Kuandika 3 na 8 kwenye jedwali ni kazi ya dakika moja.

Hii ya pili tunaijua kwa macho. Takwimu za kupika zina dalili zake. Zoezi la mwisho linakuwa lilelile la kwanza, namba kwa namba, kwa hiyo watoto wamekariri. Au idadi ya waliofanya inazidi waliohudhuria siku hiyo kwenye rejista ya darasa. Au majibu ya watoto kumi yana mwandiko mmoja na wino mmoja. Tarehe ya daftari haikutani na tarehe ya andalio. Msahihishaji anayejua pa kutazama anaziona kwa dakika tano, lakini ni bora kuondoa sababu ya kupika kuliko kuwa polisi wa mikoba.

Kwa hiyo matokeo ya wanafunzi yanabaki kwenye mkoba kama ushahidi wa kufikiri, na hayana alama yake. Darasa likibaki pale lilipokuwa, mwanachuo bado anaweza kupata alama za juu, ilimradi aseme kwa nini halikusogea na aoneshe alichojaribu.

Jumatatu iliyofuata

Vigezo vitano. Kila kimoja kina madaraja kuanzia 0 hadi 4, na daraja linazidishwa kwa uzito wa kigezo:

| Kigezo | Uzito | Alama za juu |
|---|---|---|
| Utambuzi wa kosa | 5 | 20 |
| Mpango wa vipindi na zana | 4 | 16 |
| Ufundishaji ulioangaliwa | 6 | 24 |
| Uamuzi na marekebisho | 7 | 28 |
| Mahojiano | 3 | 12 |

Msahihishaji hatoi alama, anachagua daraja. Kompyuta au kalamu itazidisha. Nimefanya hivyo makusudi: ukimpa mtu nafasi ya 0 hadi 28, atabishana na nafsi yake kati ya 19 na 21, na hakuna mwanadamu anayeweza kuitetea tofauti hiyo. Kati ya daraja la 2 na la 3 tofauti inatakiwa ielezeke kwa sentensi moja.

Sentensi hizo ndizo zimenila siku nzima. Mwongozo wa zamani ulikuwa na "vizuri sana, vizuri, wastani, dhaifu", na kila mkufunzi ana "vizuri" yake. Kanuni niliyojiwekea ni kwamba kila daraja lielezwe kwa kitu ambacho msahihishaji anaweza kukiwekea kidole ndani ya mkoba. Kwa kigezo cha uamuzi na marekebisho imekuja hivi:

Daraja 0: hakuna ukurasa wa uamuzi, au upo lakini hautaji kazi ya mwanafunzi yeyote.
Daraja 1: anasema wanafunzi "hawakuelewa" na kurudia somo kama lilivyokuwa.
Daraja 2: anabadili shughuli au zana, lakini haoneshi mabadiliko hayo yanalenga kosa gani.
Daraja 3: anataja kosa mahususi, ananukuu daftari, na andalio linalofuata limebadilika kwa sababu hiyo.
Daraja 4: kama la 3, na tena ametunga swali la kupima kama mabadiliko yamefanya kazi, akawatenganisha ambao bado wana kosa.

Mkufunzi wa Hisabati, kaka yetu kutoka Kasulu asiyependa maneno mengi, alisoma daraja la 2 na la 3 mara mbili, akasema: "Hapa sasa naweza kugombana na mtu nikamshinda."

Alhamisi

Leo tumeujaribu mwongozo kwenye mikoba ya mwaka jana, tukiwa tumefunika majina. Miwili nitaieleza, maana ndiyo iliyofungua macho ya kikao. Yote miwili ni ya Hisabati, Darasa la Tatu, kutoa kwa kukopa.

Mkoba wa kwanza umechapwa, una jalada gumu, grafu za rangi na chati za manila zilizopigwa picha vizuri. Tatizo limeandikwa: "Wanafunzi wengi hawajui kutoa." Baada ya kila kipindi tathmini ya somo inasema "wanafunzi wengi walielewa somo". Mwishoni wastani umepanda sana. Kwa mwongozo wa zamani ulikuwa umepata 82.

Wa pili umeandikwa kwa mkono. Kuna doa la mafuta ukurasa wa tatu. Lakini ukurasa wa pili mwanachuo amebandika majibu ya zoezi lake la uchunguzi:

52 − 27 = 35
70 − 34 = 44
81 − 46 = 45

Chini yake ameandika kwamba huyu mtoto hakosei ovyo, ana sheria yake: katika kila safu anatoa ndogo kutoka kubwa, haijalishi ipi iko juu. Mbili kutoa saba haiwezekani, basi anafanya saba kutoa mbili, anapata tano. Sheria hiyo inazaa majibu yote matatu. Kipindi cha kwanza na cha pili akafundisha kwa vijiti: mafungu ya kumi yamefungwa kwa kamba ya katani, na mtoto anajionea kwamba vijiti vinavyoondolewa vinatoka kwenye namba ya juu tu, kwa hiyo akikosa mamoja lazima afungue fungu.

Baada ya kipindi cha pili akaketi na madaftari. Mtoto mmoja aliandika 52 − 27 = 35, mwanachuo akadhani ni kosa lilelile. Ila kwenye 70 − 34 mtoto huyo hakuandika 44, aliandika 46. Hapo ndipo uandishi wa mkoba unabadilika, unaona kabisa mtu ameshtuka. Huyu wa pili anakopa: amefanya kumi kutoa nne, akapata sita, lakini amesahau kupunguza safu ya makumi, akafanya saba kutoa tatu. Ni kosa jingine, na dawa yake nyingine. Wa kwanza hajui kwamba anaruhusiwa kufungua fungu. Wa pili analifungua, kisha analihesabu kana kwamba bado limefungwa.

Halafu mkufunzi wa Hisabati akatuonesha jambo ambalo sisi wa masomo mengine tusingeliona. Kwa 52 − 27 makosa yote mawili yanatoa 35. Kwa 81 − 46 yote mawili yanatoa 45. Sababu ni kwamba mamoja yametofautiana kwa tano: saba na mbili, sita na moja. Ukitoa ndogo kutoka kubwa unapata tano, ukikopa na kutoa unapata tano vilevile. Swali lolote la namna hiyo haliwezi kuwatenganisha watoto hawa. Katika maswali matatu ya mwanachuo, moja tu ndilo lililokuwa na uwezo wa kuwatenganisha, 70 − 34, na hakulichagua kwa sababu hiyo. Bahati.

Ila baada ya kipindi cha nne alitunga maswali mapya, na kati yake kuna 63 − 28 mara moja tu. Mengine yote mamoja yametofautiana kwa mbili, nne, saba. Hakuandika kwa nini. Tusingekuwa na mahojiano tusingejua kama alielewa au aliotea tena.

Tumeupa wa pili utambuzi daraja la 3, mpango 2 kwa sababu maandalio yake yana mapengo, ufundishaji 3 kutoka kwenye fomu ya aliyemwangalia, uamuzi 4, na kwa mahojiano tumekadiria 3 kwa kuwa mwaka jana hayakuwepo. Hiyo ni 15 na 8 na 18 na 28 na 9: jumla 78. Kwa mwongozo wa zamani alikuwa na 59. Ule wa jalada gumu umepata utambuzi 1, mpango 3, ufundishaji 3, uamuzi 1, mahojiano tumekadiria 2. Jumla 48.

Mkuu wa Taaluma alikaa kimya kidogo, kisha akauliza swali la haki: "Na yule wa kwanza ni mwalimu mbaya?" Hatujui. Inawezekana anafundisha vizuri na hakuambiwa aandike anachokiona. Ndiyo maana mwongozo lazima wapewe wanachuo kabla hawajaondoka, pamoja na mikoba hii miwili iliyosahihishwa, majina yakiwa yamefutwa.

Jumanne

Utambuzi umebadilishwa baada ya mjadala wa Alhamisi. Daraja la 3 sasa ni kutaja sheria anayoifuata mtoto na kuonesha kwamba inazaa majibu yake yote. Daraja la 4 ni kuwa na maswali yanayoweza kutofautisha kosa moja na jingine. Kwa Kusoma na Kuandika tumeandika mfano wa kwetu hapa: mtoto anayeandika "kura" badala ya "kula" huenda anaandika anavyotamka, na huenda hajui umbo la herufi. Mpe neno alisome, kisha mpe anakili. Akinakili "kula" sawasawa lakini akalitamka "kura", tatizo si mkono.

Ijumaa, jaribio la wasahihishaji

Wakufunzi wawili wamesahihisha mikoba 20 ileile, kila mmoja peke yake, kwa rasimu ya kwanza ya kigezo cha uamuzi, ile ya kabla ya sentensi za Jumatatu, iliyokuwa bado na maneno "marekebisho yanayofaa". Tuliangalia jambo moja tu: je, mwanachuo amefika daraja la 2 au hajafika? Wote walisema amefika kwa mikoba 12. Wote walisema hajafika kwa 2. Wa kwanza alipitisha minne ambayo wa pili aliikataa, na wa pili alipitisha miwili ambayo wa kwanza aliikataa.

Wamekubaliana kwa 14 kati ya 20, yaani asilimia 70, na chumba kikafurahi. Nikaomba dakika tano. Msahihishaji wa kwanza amepitisha asilimia 80 ya mikoba, wa pili asilimia 70. Hata wangesahihisha wakiwa wamefumba macho, kila mmoja akipitisha kwa kiwango chake hicho, wangekutana kwenye kupitisha kwa 0.8 × 0.7 = 0.56, na kwenye kukataa kwa 0.2 × 0.3 = 0.06. Jumla 0.62. Asilimia 62 ni ya bahati tupu. Kipimo cha kapa, alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, kinauliza wamevuka bahati kwa kiasi gani, Po ikiwa makubaliano yaliyoonekana na Pe yale ya bahati:

```
kapa = (Po − Pe) / (1 − Pe)
     = (0.70 − 0.62) / (1 − 0.62)
     = 0.21
```

Sifuri ni bahati, moja ni kukubaliana kikamilifu. Kwa 0.21 hatima ya mwanachuo inategemea zaidi mkoba wake umeangukia meza ya nani.

Tulirudi kwenye ile mikoba sita waliyotofautiana. Minne iligusa kitu kimoja: mwanachuo aliyebadili zana bila kusema kwa nini. Mkufunzi mmoja aliona ni marekebisho, mwingine aliona ni pambo. Hapo ndipo maneno ya Jumatatu yanaposaidia: daraja la 2 sasa linasema wazi kwamba kubadili bila kulenga kosa ni daraja la 2, halizidi hapo na halishuki. Hakuna tena cha kukisia.

Kwa maneno mapya wakachukua mikoba mingine 20, maana kurudia ileile kungekuwa kujidanganya: tayari walishaijadili. Safari hii wote wamepitisha 11, wote wamekataa 6, wametofautiana 3. Makubaliano 0.85, bahati 0.53, kapa 0.68. Mikoba 20 ni michache na namba hii ingeweza kuyumba sana huku au kule, ila tofauti na 0.21 inatosha kuendelea.

Jumatano

Mahojiano yamepata umbo. Dakika kumi. Mwanachuo anakuja na madaftari, lakini majina ya wanafunzi watatu anayachagua msahihishaji kutoka kwenye orodha ya darasa, si yeye. Swali la kwanza: "Huyu ameandika 44. Amefanya nini?" La pili: "Angeandika 46, ungefanya tofauti gani kesho yake?" La tatu linatoka kwenye ukurasa wake wa uamuzi. Aliyeandikiwa mradi anaanguka kwenye swali la kwanza, na huhitaji kumtuhumu mtu. Nililijaribu kwa mwanachuo mmoja wa mwaka wa mwisho aliyepita kuchukua funguo ya maktaba. Alitazama 46 muda mrefu, akasema, "Madamu, huyu amekopa halafu hajalipa." Hilo ni daraja la 3 bila ubishi.

Walimu wenyeji, wale wa shule, tumewapa kusaini tu kwamba vipindi sita vimefanyika, na nafasi ya maoni. Alama hapana. Si kwa kutowaamini. Mwalimu mkuu mmoja alitueleza waziwazi kwamba mwanachuo akishakaa naye wiki kadhaa, akamsaidia madarasa mawili, hawezi kumwandikia alama mbovu: "Mtoto wa watu, nitamfelisha vipi?"

Limebaki suala la fidia. Mtu apate 4 kwenye mpango, 4 kwenye mahojiano, 4 kwenye utambuzi na 1 kwenye ufundishaji na uamuzi: 16 na 12 na 20 na 6 na 7 ni 61. Amefaulu, na mbele ya darasa hawezi. Tumeweka kizingiti: bila daraja la 2 katika ufundishaji na daraja la 2 katika uamuzi, jumla haihesabiki, mwanachuo anapewa vipindi vingine vya kurudia sehemu hiyo tu. Kwenye andiko la msingi nimeongeza sentensi mbili za kueleza sababu, kwa kuwa hiki ndicho kipengele kitakacholetewa malalamiko, na mlalamikaji ana haki ya kukuta jibu limeandikwa kabla yake.

Jumatatu, rasimu ya mwisho

Kurasa tatu na nusu. Nusu ya ziada ni ya utaratibu wa tofauti: wasahihishaji wawili wakitofautiana daraja moja, wanachukua la aliyeweza kuonesha ukurasa, wakitofautiana mawili au zaidi, mkoba unakwenda kwa wa tatu ambaye haoni alama za wenzake. Mkuu wa Taaluma amekubali ukubwa huo kwa sharti kwamba jedwali la vigezo likae ukurasa mmoja.

Hakuna bado mikoba ya mfano ya masomo ya jamii, kwa hiyo masomo hayo yanaanza na mifano ya Hisabati na ya Kusoma hadi tutakapopata ya kwao. Wakufunzi wa masomo hayo wamelalamika, na wana haki. Mmoja ameahidi kuleta mikoba mitatu kutoka shule ya mazoezi, yenye michoro ya ramani ambayo watoto wameweka mashariki mkono wa kushoto.